Maneno 1,200 Yaingie Katika 450: Kupunguza Andiko la Mradi Bila Kuvunja Bajeti

Kundi likishaandika andiko refu la mradi, haliwi mbali na siku litakapoambiwa liandike fupi. Mfadhili wa kwanza alitaka kurasa nne. Wa pili ana fomu ya mtandaoni yenye kisanduku kimoja cha maelezo ya mradi kisichopokea zaidi ya maneno 450. Katibu anafungua andiko la zamani, anaanza aya ya kwanza na kufyeka sifa na viunganishi sentensi baada ya sentensi. Akifika maneno 900 amechoka, muda unayoyoma, na kilichobaki ni kukata mkia. Kwa bahati mbaya, huko mkiani ndiko zilikokaa shughuli, idadi na sababu za kila shilingi. Anachotuma ni masimulizi mazuri ya ukame yanayofuatwa na jedwali la bajeti ambalo halijulikani limetoka wapi.

Makala haya yanahusu njia nyingine: kuanza kupunguza kutokea kwenye bajeti. Nitatumia mradi wa mfano wa aina inayojulikana sana Kitui na Makueni, bwawa la mchanga, ili tuone maneno yepi yanaondoka, yepi yanabaki, na kwa nini.

Mradi wetu wa mfano

Tuchukue kundi la kujisaidia la wanachama 60 katika eneo la Ikutha, kusini mwa Kitui. Linataka kujenga ukuta katika kijito cha msimu chenye mchanga, kuchimba kisima kifupi chenye pampu ya mkono pembeni mwake, na kufundisha kamati ya maji ya watu 15. Andiko la awali lilikuwa pia na kitalu cha miche. Bajeti ilikuwa hivi: ukuta Sh650,000, kisima na pampu Sh350,000, mafunzo Sh120,000, upimaji na vibali Sh130,000, kitalu Sh180,000, usimamizi na ripoti Sh150,000. Jumla ni Sh1,580,000. Mbali na hizo, wanachama wenyewe wanatoa mawe, mchanga na kazi ya mikono.

Sasa tazama jinsi maneno 1,200 yalivyogawanywa. Hali ya ukame ilichukua 400, historia ya kundi 200, maelezo ya bwawa la mchanga ni nini 180, malengo na shughuli 220, uendelevu na ufuatiliaji 200. Yaani sehemu inayoeleza fedha zitafanya nini haikufikia hata moja ya tano ya andiko. Ukipunguza kila sehemu kwa kiwango kilekile ili ufikie 450, malengo na shughuli zitabakiwa na maneno kama 80, na maneno 80 hayawezi kubeba mistari sita ya bajeti. Ndiyo maana kupunguza kwa usawa, ingawa kunaonekana ni haki, ndiko kunakoharibu maandiko mengi.

Anza na mstari wa bajeti, si aya ya kwanza

Weka andiko la zamani pembeni. Chukua bajeti na karatasi tupu. Kwa kila mstari wa bajeti andika sentensi moja, au mbili zikilazimu, inayojibu mambo matatu: kitu gani, kiasi gani, na kwa nini kiasi hicho. Usinakili chochote kutoka andiko la zamani kwa sasa. Lengo ni kupata sentensi ambazo zikiondolewa, mstari fulani wa bajeti unabaki yatima.

Mstari wa ukuta ni mfano mzuri. Katika andiko refu, vipimo vya ukuta vilikuwa kwenye sehemu ya shughuli, saruji ilitajwa kwenye uendelevu, na mchango wa jamii ulitajwa kwenye historia ya kundi. Vyote vitatu vilikuwepo, lakini msomaji alipaswa kuviunganisha mwenyewe. Vikiletwa mahali pamoja, vinaingia katika nafasi ndogo sana:

"Shughuli ya kwanza ni kujenga ukuta wa mawe na saruji wenye urefu wa mita 22 na kimo cha mita 2.5 juu ya mwamba. Vipimo hivi vinahitaji mifuko 300 ya saruji, nondo, fundi mkuu na usafiri (Sh650,000). Mawe, mchanga na kazi ya mikono vitatoka kwa mwethya: wanachama 60 kwa siku 40, thamani ya Sh720,000. Shughuli ya pili ni kisima kifupi chenye pampu ya mkono pembeni mwa ukuta (Sh350,000). Ya tatu ni mafunzo ya siku nne kwa kamati ya watu 15 kuhusu matengenezo ya pampu na hesabu za ada (Sh120,000)."

Haya ni maneno 88, na yanaeleza Sh1,120,000. Sentensi ya pili ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, kwa kuwa inafunga vipimo na saruji. Bila neno "vipimo", mifuko 300 ni namba iliyoanguka kutoka juu. Likiwepo, mhandisi wa mfadhili anaweza kukokotoa mwenyewe na kuona kama hesabu inakaribiana na ukuta wa ukubwa huo.

Sentensi ya tatu inafanya kazi ambayo wengi huisahau: inaeleza mstari ambao haupo. Anayejua ujenzi akisoma bajeti ya ukuta wa mawe isiyo na mawe, swali lake la kwanza ni "Mawe yako wapi?" Asipopata jibu, atadhani mawe yamesahauliwa na kwamba kundi litarudi kuomba nyongeza katikati ya ujenzi. Kwa hiyo unapopitia bajeti mstari kwa mstari, jiulize pia ni kitu gani kinachotarajiwa na hakijaandikwa. Kila pengo la namna hiyo linadai sentensi yake. Hesabu ya mchango nayo iwe ya kufuatika: watu 60 mara siku 40 ni siku za kazi 2,400, na kwa Sh300 kwa siku zinapatikana Sh720,000. Ukiandika tu "jamii itachangia kwa kiasi kikubwa", umetumia maneno matano kusema jambo lisilopimika.

Mistari iliyobaki inapata sentensi fupi. Upimaji na vibali: andika kwamba fedha hizo ni za kupima mahali pa ukuta, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na ripoti ya mazingira ya kupelekwa NEMA. Usimamizi: taja ni mhasibu wa muda, ukaguzi au ripoti. Ukimaliza, una maneno kama 130 yanayobeba bajeti nzima. Huu ndio uti wa andiko, na kuanzia hapa unaongeza badala ya kukata.

Malengo huchongwa, hayafupishwi

Kosa la pili ni kufupisha malengo kwa kuyaunganisha. Lengo la andiko refu lilisomeka: "Kuboresha maisha ya jamii kwa kupata maji safi na kujengea uwezo akina mama na vijana ili kustahimili mabadiliko ya tabianchi." Ni sentensi moja na inaokoa nafasi, lakini imemeza malengo mawili yenye bajeti mbili tofauti. Kisima kina mzazi, mafunzo hayana. Au ni kinyume chake, msomaji hawezi kujua.

Kipimo ni rahisi. Kila mstari mkubwa wa bajeti uweze kuonyeshwa kwa kidole lengo linaloutuma, na kila lengo liwe na angalau mstari mmoja. Katika mfano wetu malengo yanabaki mawili. La kwanza: kaya 120 za vijiji vitatu zipate maji ndani ya kilomita moja katika miezi ya kiangazi, badala ya kilomita 6 za sasa. La pili: kamati ya watu 15 iendeshe kisima kwa ada za watumiaji na kulipia matengenezo yake yenyewe. Lengo la kwanza linatuma ukuta, kisima na vibali. La pili linatuma mafunzo. Neno "kuboresha" limeondoka kwa sababu halikuwa likiagiza chochote kinunuliwe.

Hapo hapo kuna mtego unaohitaji kuujua mradi wenyewe. Ukuta wa bwawa la mchanga haukupi maji siku unapokauka. Mafuriko ya mto lazima kwanza yalete mchanga nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo. Kujaa huko hutegemea mvua. Huweza kuchukua msimu mmoja, na mara nyingine hadi mitatu. Andiko refu lilikuwa na sentensi ya ratiba iliyoeleza haya, na ni sentensi ya aina hii inayokatwa kwanza kwa kuwa inaonekana ya kiufundi. Ikikatwa, lengo la kaya 120 linageuka ahadi ya miezi 12, na mfadhili atakuja kupima katika mwezi wa 12.

Basi ratiba ibaki, japo kwa sentensi mbili: "Ukuta utakamilika kufikia Septemba ili upokee mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani. Kaya zitahesabiwa baada ya msimu wa pili wa mvua." Hapo ratiba inakinga lengo, na pia inaeleza kwa nini fedha za ujenzi zinahitajika mapema katika mwaka na si mwishoni.

Kinachoondoka

Baada ya kujenga uti huo, rudi kwenye andiko la zamani na uokote kile tu ambacho uti unakihitaji. Sehemu ya ukame ndiyo itakayopungua zaidi. Aya yake ya kwanza ilikuwa hivi:

"Kama inavyojulikana, Kaunti ya Kitui ni miongoni mwa kaunti kame za Kenya ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikikabiliwa na changamoto ya ukosefu wa maji kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Akina mama na watoto wa eneo letu wamekuwa wakitembea mwendo mrefu sana kutafuta maji, jambo ambalo limeathiri elimu, afya na uchumi wa jamii kwa kiasi kikubwa."

Maneno 55, na hakuna hata moja linaloweza kupimwa mradi utakapokwisha. Mfadhili anayetoa fedha za maji Kitui anajua kwamba Kitui ni kame. Ndiyo sababu ametangaza ruzuku. Asichokijua ni hiki:

"Kuanzia Agosti hadi mvua za Oktoba, kaya 120 za vijiji vitatu huchota maji mtoni umbali wa kilomita 6, safari moja ya punda huchukua saa nne."

Maneno 25. Namba za hapa, kaya 120 na kilomita 6, ndizo zilizomo katika lengo la kwanza. Tatizo na lengo vinapotumia kipimo kilekile, huhitaji sentensi ya kueleza uhusiano wao.

Maelezo ya bwawa la mchanga nayo yanaweza kuondoka karibu yote, iwapo mfadhili yumo katika sekta ya maji. Shirika la SASOL limekuwa likijenga mabwawa haya Kitui tangu miaka ya 1990, na upande wa Machakos kundi la Utooni lilianza mapema zaidi, mwaka wa 1978. Hakuna mtathmini wa miradi ya maji ya Ukambani anayehitaji kufundishwa ni nini. Lakini usiondoe aya nzima bila kuichambua, kwa sababu ndani yake kulikuwa na jambo moja la lazima: kwa nini ukuta ujengwe mahali hapo. Bwawa la mchanga hufaulu penye mwamba usio na nyufa karibu na uso wa mto, kingo imara, na mchanga wa chembe kubwa. Mchanga ukiwa laini au mto ukileta tope, bwawa hujaa udongo unaoshika maji bila kuyaachia, na fedha zimekwenda. Kwa hiyo maneno 180 ya "bwawa la mchanga ni nini" yanageuka sentensi moja: mwamba umepatikana kwa kina gani, mchanga ni wa aina gani, na nani alipima. Sentensi hiyo ndiyo inayohalalisha kimo cha mita 2.5 na mstari wa upimaji.

Historia ya kundi na uendelevu kwa kawaida vina visanduku vyao kwenye fomu. Soma fomu nzima kabla ya kuandika popote, ukaone ni habari gani inaulizwa kwingine, na uihamishie huko. Katika maelezo ya mradi baki na sentensi moja ya uendelevu inayogusa fedha: ada ya kila mtungi au kila mwezi, na inatosha kununua nini.

Maneno yakigoma kutosha, punguza mradi

Wakati mwingine umefanya yote na bado una maneno 500. Hapo tatizo si lugha. Mradi wenyewe una shughuli nyingi kuliko kisanduku. Katika mfano wetu kitalu cha miche ndicho kisicho na nafasi. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kukifuta kwenye maelezo na kukiacha kwenye bajeti, kwa kuwa bajeti huwa kwenye faili jingine na anayeishika ni mweka hazina, si katibu. Mtathmini anakutana na Sh180,000 za miche ambazo hazijatajwa popote.

Sheria ni moja: shughuli ikiondoka, iondoke na lengo lake, mstari wake wa bajeti, na sehemu yake ya usimamizi. Hilo la mwisho ndilo linalowapiga chenga wengi. Tuseme mfadhili amesema gharama za usimamizi zisizidi asilimia 10 ya fedha zinazoombwa. Kabla ya kuondoa kitalu, Sh150,000 kati ya Sh1,580,000 ni asilimia 9.5, na uko salama. Ukiondoa kitalu, jumla inashuka hadi Sh1,400,000, na Sh150,000 zilezile zinakuwa asilimia 10.7. Hukuongeza hata senti, lakini umevuka kikomo. Ukishusha usimamizi hadi Sh130,000, jumla inakuwa Sh1,380,000 na asilimia inarudi 9.4. Baada ya mabadiliko hayo pitia kila mahali jumla ya zamani ilipoandikwa, hasa katika barua ya utangulizi na muhtasari, maana namba hiyo huwa na tabia ya kubaki kwenye pembe.

Kuhesabu maneno

Kikomo kikiwa 450, lenga 420. Programu ya kuandikia na fomu ya mtandaoni huenda zisihesabu sawa, na nafasi huongeza idadi: "Sh1,400,000" kwa kawaida ni neno moja, lakini ukiandika "Sh 1 400 000" kwa nafasi katikati inakuwa maneno manne. Bandika andiko kwenye fomu mapema, kisha soma mstari wa mwisho uliobandikwa, kwa sababu fomu nyingine hukata kilichozidi bila kukuambia. Usijaribu kuunganisha maneno kwa vistari ili kudanganya kihesabio. Msomaji ni mtu, naye anaona.

Kama ombi litatumwa kwa Kiingereza, punguza kwa Kiingereza. Kitenzi kimoja cha Kiswahili au cha Kikamba hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo andiko linalotosha kwa Kiswahili litafurika likitafsiriwa.

Kwa mradi wetu mgawanyo wa mwisho unakuwa hivi: tatizo 60, mahali na sababu ya kuchagua bwawa 70, malengo 60, shughuli na bajeti 130, ratiba 50, uendelevu 50. Jumla 420. Shughuli sasa ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, tofauti kabisa na ilivyokuwa.

Jaribio kabla ya kutuma

Mpe mtu asiyeujua mradi, labda mweka hazina wa kundi jingine au mwalimu wa karibu, yale maneno 420 bila bajeti. Mwombe aandike orodha ya vitu anavyodhani vitanunuliwa, na kiasi chake. Kisha iweke orodha yake kando ya bajeti. Kilichomo kwenye bajeti lakini hakimo kwenye orodha yake hakina sentensi ya kukitetea. Alichokiandika yeye na hakimo kwenye bajeti ni ahadi uliyoitoa bila fedha, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa utakuja kudaiwa.

Utadaiwa kwa njia gani? Maelezo ya mradi mara nyingi huambatanishwa na mkataba wa ruzuku. Kwenye mifuko ya tabianchi ya kaunti, ambayo Makueni iliiwekea kanuni mwaka wa 2015 na Kitui ikaipitishia sheria mwaka wa 2018, kamati za wadi nazo hufuatilia miradi mahali inapojengwa, na wanakamati ni wakazi wanaopita kwenye mto huo kila siku. Ofisa akija na andiko lako mkononi atapima mita 22 na mita 2.5, atahesabu watu 15 wa kamati, ataomba daftari la siku za kazi za mwethya. Ukiona namba fulani huna hakika nayo, irekebishe sasa au iondoe, kwa sababu katika andiko fupi kila namba inaonekana.

Andiko la maneno 1,200 nalo usilifute. Likishalinganishwa na bajeti mpya, ndilo litakalojibu maswali ya mfadhili akiwapigia simu baada ya kundi kupita mchujo wa kwanza, na ndilo fundi na kamati watakalolitumia kuongoza ujenzi.